Mkunjo Usiofika: Grafu ya Uwiano Kinyume na Mihimili Yake

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa walimu wa hisabati, na inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. Michoro iliyooneshwa ukumbini imeelezwa kwa maneno.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliopata nafasi ya kuwa nasi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie grafu ya uwiano kinyume. Sina nia ya kuipitia mada nzima. Nitaushika mkunjo mmoja tu, ule wa y = 12/x, na sentensi moja tu ambayo sisi sote tumewahi kuiandika ubaoni: mkunjo huu huikaribia mihimili lakini hauigusi. Sentensi hiyo ni fupi, lakini imebeba madai mawili. Dai la kwanza ni kwamba mkunjo haugusi. Dai la pili ni kwamba unakaribia, tena unakaribia kwa kiasi chochote utakachotaka. Madai haya hayategemeani. Upo mkunjo usiogusa mhimili na wala haukaribii, na upo mkunjo unaoukaribia mhimili baada ya kuukata. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya mkanganyiko wa wanafunzi hutokana na sisi kuyatamka madai hayo mawili kwa pumzi moja, kana kwamba ni dai moja, kisha tukayathibitisha kwa kuonesha picha.

Tuanze na lile la kugusa.

Ninaposema kwamba y inabadilika kinyume na x, ninasema kwamba zao lao halibadiliki. Katika mkunjo wetu, x mara y ni 12, popote utakaposimama. Ukisimama kwenye nukta (3, 4), zao ni 12. Ukisimama kwenye (2, 6), au (12, 1), au (24, 0.5), zao ni lilelile. Naomba mlione jambo hili kwa macho: kutoka kwenye nukta yoyote ya mkunjo, shusha mstari wima hadi mhimili wa x, na uvute mwingine wa mlalo hadi mhimili wa y. Umepata mstatili ambao kona yake moja ipo mahali mihimili inapokatana, na kona inayoikabili ipo juu ya mkunjo. Mstatili huo una eneo la 12. Unaweza kuwa mrefu na mwembamba, au mfupi na mpana, au ukawa mraba kabisa pale x inapokuwa sawa na y, lakini eneo lake halitikisiki.

Sasa jiulizeni: nini kingetokea iwapo mkunjo ungeugusa mhimili wa x? Kugusa ni kuwa na nukta ambayo y yake ni 0. Je, ipo namba yoyote ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata 12? Haipo. Mstatili usio na kimo hauna eneo, hata ukiurefusha kiasi gani. Na huo ndio uthibitisho wote wa dai la kwanza. Hauhitaji jedwali, hauhitaji mchoro, wala hauhitaji neno "ukomo". Hoja hiyohiyo inatumika kwa mhimili wa y: pale x inapokuwa 0, hakuna y itakayoliokoa zao.

Hata hivyo, hoja hiyo, ingawa ni kamili, haimridhishi kila msikilizaji, na asiyeridhika hana kosa. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusimama darasani na kuuliza: "Mwalimu, kama y inapungua kila hatua, na haiachi kupungua hata mara moja, si mwishowe itaisha?" Ni swali zito. Mwanafunzi huyo haukani uthibitisho. Anachotaka ni kuoneshwa mkunjo unaponyokaje, maana anauona kwa macho yake ukielekea chini.

Jibu tunalolihitaji linatokana na sifa ambayo Wagiriki waliijua zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Apolonio wa Perga, aliyeandika vitabu mashuhuri juu ya mikunjo inayopatikana kwa kuikata koni, alionesha kwamba ukichora tanjenti ya haipabola, yaani mstari mnyoofu unaougusa mkunjo kwenye nukta moja na kufuata mwelekeo wake pale, basi nukta hiyo huwa katikati kabisa ya kipande cha tanjenti kilichomo kati ya asimptoti mbili. Asimptoti ni ile mistari minyoofu ambayo mkunjo huikaribia. Mkunjo wetu ni haipabola, na asimptoti zake ni mihimili yenyewe.

Tulitazame jambo hilo kwa namba. Simama kwenye (3, 4). Kwa kuwa nukta hii ni katikati ya kipande cha tanjenti, kipande hicho kinaanzia (0, 8) na kuishia (6, 0). Kwa hiyo mkunjo, ukiwa kwenye x = 3, unaelekea kuupiga mhimili kwenye x = 6. Mwanafunzi wetu ameona sawasawa: mwelekeo ni wa kugonga. Lakini twende hadi x = 6. Tukifika pale, mkunjo bado upo juu kwa vipimo 2, na sasa unaelekea kuupiga mhimili kwenye x = 12. Twende hadi 12. Mkunjo upo juu kwa kipimo 1, na shabaha imehamia 24. Twende hadi 24. Mkunjo upo juu kwa nusu, na shabaha ni 48. Mnaona kinachotendeka? Kila mahali mkunjo unaelekea kuugonga mhimili, na kila mahali shabaha ipo mbele kwa umbali uleule ambao umekwisha kuusafiri tangu kwenye mhimili wa y. Kadiri unavyosonga mbele, ndivyo safari iliyobaki inavyorefuka, kwa sababu mteremko unalegea haraka kuliko kimo kinavyopungua. Ukiongeza x mara mbili, kimo kinabaki nusu, lakini mteremko unabaki robo. Hapo ndipo mkunjo unapoponyoka.

Sifa hiyo ina faida nyingine ya moja kwa moja kwetu sisi tunaosahihisha michoro. Mwanafunzi anayepata tabu ya kuupinda mkunjo vizuri, apewe rula na aambiwe hivi: kwenye nukta (x, y), weka rula ipite kwenye x mara mbili juu ya mhimili wa chini, na kwenye y mara mbili juu ya mhimili wa wima. Mkunjo wako upite nukta hiyo ukiambaa na rula, na usiivuke rula kwenda chini. Akifanya hivyo kwenye nukta nne au tano, mkunjo utajichora wenyewe, na ile tabia ya kuunganisha nukta kwa vipande vya mistari minyoofu itakoma bila kugombezwa.

Na kwa kuwa tumeigusa michoro, niseme jambo juu ya penseli. Tuseme kila kipimo kwenye grafu ni sentimita 1, na penseli yetu inaacha mstari wenye unene wa nusu milimita. Ni wapi pengo kati ya mkunjo na mhimili linakuwa dogo kama unene wa mstari wenyewe? Nusu milimita ni sentimita 0.05, na 12 ukigawanya kwa 0.05 unapata 240. Yaani inahitajika karatasi yenye urefu wa mita 2 na sentimita 40 kabla jicho halijashindwa kulitofautisha pengo na mstari. Kwenye karatasi ya kawaida, yenye nafasi ya sentimita 20 hivi, mkunjo huu unafika ukingoni ukiwa juu ya mhimili kwa milimita 6 nzima. Kwa hiyo, mwanafunzi akikuletea grafu ya y = 12/x kwa kipimo hicho, na mkunjo wake umeulalia mhimili kabla ya ukingo wa karatasi, huhitaji kujadiliana naye kuhusu ukomo. Mpe rula apime.

Kosa la upande wa pili nalo ni la kawaida: yule aliyeambiwa kwa ukali kwamba mkunjo haugusi, akaogopa, akaupinda mwishoni uanze kupanda tena. Kwake pia dawa ni zao. Aichague nukta kwenye ule mkia unaopanda, asome x yake na y yake, azizidishe. Hatapata 12.

Tumemaliza kugusa. Twende kwenye kukaribia, ambako kuna utata zaidi.

Je, kutogusa kunatosha kusema kwamba mkunjo unaukaribia mhimili? Hebu tuchukue y = 1 + 12/x. Huu nao unashuka bila kukoma, na haugusi mhimili wa x kamwe pale x inapokuwa chanya. Lakini haukaribii mhimili huo kwa kiasi unachotaka. Hautafika hata kimo cha 1. Asimptoti yake ni mstari y = 1. Kwa hiyo "unashuka daima bila kugusa" si maelezo ya asimptoti. Kuna kitu kimekosekana.

Kilichokosekana ni hiki. Wewe unichagulie pengo, dogo kama upendavyo, alimradi si 0. Mimi nikuoneshe mahali ambapo, kuanzia hapo na kuendelea mbele daima, mkunjo upo ndani ya pengo hilo. Ukinipa pengo la 0.001, nitakujibu: kila mahali x inapozidi 12,000. Ukinipa sehemu moja ya milioni, nitakujibu: kila mahali x inapozidi 12,000,000. Sina haja ya kuendelea na mifano, kwa sababu jibu langu ni moja kwa pengo lolote: gawanya 12 kwa pengo lako. Naomba msilipite neno "kuanzia hapo na kuendelea". Haitoshi mkunjo uchungulie ndani ya pengo kisha utoke. Sharti uingie na usitoke tena. Mkunjo wa 1 + 12/x unaushindwa mtihani huo mara tu utakapochagua pengo la 1 au dogo zaidi.

Na mtazame kwamba katika mtihani huo hakuna mahali tulipokataza kugusa. Chukueni y = (x − 3)/x². Mkunjo huu unaukata mhimili wa x pale x inapokuwa 3, unapanda kidogo hadi x = 6, kisha unashuka na kuukaribia mhimili uleule daima; kwenye x = 100 upo juu kwa 0.0097 tu. Mhimili wa x ni asimptoti yake, ingawa umekatwa. Kwa hiyo tusiwafundishe wanafunzi kwamba asimptoti ni "mstari usioguswa". Haipabola ya uwiano kinyume haigusi kwa sababu zao lake si 0, na hiyo ni sifa yake yenyewe. Asimptoti kwa maana yake haina marufuku hiyo.

Kuhusu mhimili wa wima sitakaa sana. Ukibadilishana x na y katika xy = 12, hakuna kilichobadilika, na kwa hiyo mkunjo ni sura yake mwenyewe ukiukunja kwenye mstari y = x. Yote tuliyoyasema kuhusu kulia yanasemwa kuhusu juu: x ikiwa 0.1, y ni 120. X ikiwa 0.01, y ni 1,200. Tahadhari moja tu. Namba hasi nazo zina mkunjo wake, katika robo inayokabiliana na hii, na mikunjo hiyo miwili haiunganiki. Mwanafunzi anayevuta mstari kutoka (−1, −12) hadi (1, 12) ameivuka x = 0, mahali ambapo hakuna nukta. Hata kauli yetu kwamba "x ikiongezeka, y hupungua" inavunjika hapo, kwa kuwa kutoka −1 hadi 1 y imepanda kwa 24. Kauli hiyo ni kweli ndani ya kila tawi, si kwa kuvuka kutoka tawi moja kwenda jingine.

Ndugu zangu, je, mkunjo huu upo nje ya karatasi?

Mnamo mwaka 1662 Robert Boyle alichapisha vipimo alivyovipata kwa mrija wa kioo uliopindwa kama ndoano, upande mfupi ukiwa umezibwa. Hewa ilinaswa kwenye upande huo mfupi, naye akaendelea kumimina zebaki kwenye upande mrefu ili kuibana. Hewa ilipokuwa na nafasi ya vipimo 48, kanieneo yake ililingana na zebaki ya inchi 29 na 2/16. Nafasi ilipobaki 24, yaani nusu, zebaki ilikuwa inchi 58 na 13/16. Ilipobaki 12, ilikuwa inchi 117 na 9/16. Zizidisheni: la kwanza ni 1,398, la pili ni 1,411.5, la tatu ni 1,410.75. Mazao hayo yanapishana kwa chini ya asilimia moja, na hiyo ndiyo njia ya kuutambua uwiano kinyume katika vipimo halisi: usiamini kwamba mkunjo "unafanana na haipabola", maana mikunjo mingi inayoshuka hufanana, tafuta mazao, au chora kanieneo dhidi ya 1 gawanya kwa nafasi, uone kama unapata mstari mnyoofu unaopita mahali mihimili inapokatana.

Lakini je, hewa ya Boyle inaukaribia mhimili wa wima kama mkunjo wetu? Je, inaweza kubanwa hadi nafasi yoyote ndogo tutakayoichagua, alimradi tuna zebaki ya kutosha? Hapana. Molekuli zenyewe zinachukua nafasi, tena huvutana. Mwaka 1873 Johannes van der Waals alitoa mlinganyo ambao ndani yake nafasi haiandikwi peke yake. Hupunguzwa kwanza kiasi kinachowakilisha nafasi ya molekuli. Matokeo yake kwenye grafu ni dhahiri: asimptoti ya wima haipo tena kwenye 0, imesogea kulia. Sheria ya Boyle inafaa pale gesi ilipo na nafasi tele, na inashindwa hasa kule mkunjo unakopanda karibu na mhimili. Mwanafunzi akijifunza kwamba haipabola haigusi mhimili, ajifunze pia kwamba kitu halisi huacha kuifuata haipabola kabla ya kufika huko.

Nimalizie na swali ambalo Evangelista Torricelli aliwashangaza nalo watu wa zama zake. Tumesema mkunjo unaukaribia mhimili kwa kiasi chochote. Je, unaukaribia haraka kiasi gani? Tuchukue eneo lililo kati ya mkunjo na mhimili wa x, kuanzia x = 1 na kwenda kulia bila mwisho. Utepe huu unazidi kuwa mwembamba. Je, eneo lake lina kikomo?

Kutoka 1 hadi 2, mkunjo haushuki chini ya 6, kwa hiyo eneo la kipande hicho si chini ya 6. Kutoka 2 hadi 4, mkunjo haushuki chini ya 3, lakini upana ni 2, na eneo tena si chini ya 6. Kutoka 4 hadi 8, kimo si chini ya 1.5, upana ni 4, na eneo tena si chini ya 6. Kila tunapoongeza x mara mbili, upana unakua mara mbili huku vimo vikibaki nusu, na kipande kipya kina eneo sawasawa na kilichotangulia. Grégoire de Saint-Vincent aliiandika sifa hii ya maeneo mwaka 1647, na humo ndimo logarithimu zilimokutana na haipabola. Vipande hivyo haviishi, na kila kimoja kinaongeza zaidi ya 6. Eneo, basi, halina kikomo. Mkunjo unaukaribia mhimili, ndiyo, lakini polepole mno kiasi kwamba eneo haliwezi kufungwa.

Sasa uzungushe utepe huohuo kuuzunguka mhimili wa x, upate umbo kama baragumu lenye mdomo wa nusu kipenyo 12 kwenye x = 1, na mkia usio na mwisho. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1644, Torricelli alithibitisha kwamba umbo la namna hii lina ujazo wenye kikomo. Kwa mkunjo wetu, ujazo wa baragumu zima ni 144π, ambao ni sawa kabisa na ujazo wa silinda yenye nusu kipenyo 12 na urefu wa 1, yaani silinda inayoijaza nafasi kati ya mhimili wa y na mdomo wa baragumu. Inawezekanaje? Ujazo haufuati y, unafuata y mara y. Kimo kinapobaki nusu, duara linabaki robo. Upana unakua mara mbili, lakini robo mara mbili ni nusu. Kila kipande kina nusu ya ujazo wa kilichotangulia, na nusu za nusu hujumlishwa zikafika kikomo.

Mkitaka kuwapa wanafunzi kazi ya nyumbani, wapeni hii: likateni baragumu kwenye x = 100 na muulize kimebaki nini upande wa kulia. Ujazo uliobaki ni 1.44π, kama 4.5, kutoka kwenye jumla ya karibu 452. Na utepe uliolizaa baragumu hilo, ukikatwa mahali hapohapo, bado umebaki na eneo lisilo na kikomo.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali yenu.